Namba Ikishuka, Kasoro Zimekwenda Wapi?

Mteja ametuma shilingi 50,000 kwa simu na amekatwa mara mbili. Anapiga huduma kwa wateja, anasubiri, anaeleza. Mhudumu anafungua tiketi kwenye kompyuta, na kabla ya kuifunga ni lazima achague aina ya tatizo kutoka kwenye orodha fupi: kasoro ya mfumo, kosa la mtumiaji, tatizo la mtandao, tatizo la benki nyingine, ombi la maboresho. Uchaguzi huo huchukua sekunde chache. Mteja hana habari nao, na pengine atarudishiwa pesa zake jioni hiyohiyo, kisanduku chochote kitakachobofywa. Ndani ya kampuni, hata hivyo, kisanduku hicho ndicho kitakachoamua kama mwisho wa mwezi mfumo utaonekana mzima au mgonjwa.

Kampuni zinazotengeneza na kuendesha programu za benki, za pesa kwa simu, za hospitali au za tiketi za mabasi hupima ubora wa kazi yao kwa namba, na mbili kati ya hizo hutajwa sana vikaoni. Ya kwanza ni kiwango cha kasoro zilizoponyoka: katika kila kasoro 100 zilizojulikana, ni ngapi zilizowapita wapimaji wa kampuni zikamfikia mteja. Ya pili ni muda wa kugundua: tangu hitilafu ianze hadi kampuni ijue kwamba ipo, zimepita dakika ngapi. Namba zote mbili zina maana na sina nia ya kuzibeza. Ninachotaka ni kuonyesha zinavyojengwa, maana anayejua zilivyojengwa huona pia mahali zinapopindwa. Tena ataona jambo ambalo wakubwa wengi wanaozidai hawalioni: mara nyingi namba hizi humwadhibu anayetafuta kasoro kwa bidii na kumtuza anayefumba macho.

Tuanze na kasoro zilizoponyoka. Hesabu yake ni hii:

```
kiwango = zilizoponyoka / (zilizokamatwa + zilizoponyoka) x 100
```

Zilizokamatwa ni kasoro ambazo wapimaji walizikuta kabla programu haijaenda hewani. Zilizoponyoka ni zile zilizoonekana baada ya wateja kuanza kuitumia. Tuchukue mfano wa timu moja. Katika toleo la Januari, wapimaji walikamata kasoro 90 na wateja wakakutana na 10. Jumla ni 100, na kiwango ni asilimia 10. Uongozi haukuridhika. Timu ikajitahidi kweli: watengenezaji wakaanza kusomeana kazi kabla ya kuiunganisha, wakaandika majaribio yanayojiendesha yenyewe kila sehemu ya programu inapobadilishwa, na wakakaa na watu wa biashara kufafanua mahitaji kabla ya kuandika mstari hata mmoja. Katika toleo la Juni, makosa yenyewe yalipungua tangu mwanzo. Wapimaji walikuta kasoro 16 tu, na wateja wakakutana na 4. Jumla ni 20, na kiwango ni asilimia 20.

Kwenye slaidi ya kikao, ubora umeshuka mara mbili. Kwa mteja, matatizo yamepungua kutoka 10 hadi 4. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyekosea hesabu. Kiwango hiki hakipimi wingi wa kasoro zinazomfikia mteja. Kinapima uwezo wa kichujio kilichowekwa mwishoni, yaani wapimaji wanakamata sehemu gani ya uchafu unaoletwa kwao. Ukipunguza uchafu kwenye chanzo, kinachobaki ni kasoro zile ngumu zinazojificha, na kichujio kitaonekana kuwa dhaifu zaidi. Ni timu iliyofanya kazi nzuri kuliko zote ndiyo itakayoitwa kujieleza.

Sasa tuilinganishe na timu ya pili, iliyoanza na namba zilezile, 90 na 10. Hii haikubadilisha chochote katika kazi yake. Ilibadilisha tu namna ya kuandika. Neno lililokosewa tahajia kwenye kurasa 12 za programu likaandikwa kuwa kasoro 12. Kitufe kilichokaa upande kidogo, rangi iliyofifia, sentensi isiyo na nukta, vyote vikapewa tiketi zake. Wapimaji na watengenezaji wakaelewana kimyakimya: huyu anaandika, yule anarekebisha kwa dakika mbili, na wote wawili wanaonekana wachapakazi. Kasoro zilizokamatwa zikafika 190. Zilizomfikia mteja zikabaki 10 zilezile. Kumi kwa mia mbili ni asilimia 5. Timu ya pili inapata bonasi, na ile ya kwanza inaandikiwa barua.

Huo ndio upindaji rahisi kuliko wote, kwa sababu hauhitaji uongo. Kila tiketi kati ya zile 190 ni ya kweli. Neno lilikosewa kweli, na kwenye kurasa 12 kweli. Mkaguzi akizifungua hatakuta kitu cha kukana. Atakachokiona, kama ana jicho, ni uzito wake. Kasoro inayomkata mteja pesa mara mbili na kasoro ya tahajia kila moja imehesabiwa kuwa moja. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtu anayekuletea kiwango cha asilimia 5 ni kasoro ngapi kati ya hizo 190 zingemzuia mteja kukamilisha muamala wake kama zingemfikia. Akikosa jibu, hiyo asilimia 5 haijakuambia lolote kuhusu mteja.

Upindaji wa pili hushambulia juu ya mstari, kwa kuzipunguza zilizoponyoka. Hapa ndipo tunarudi kwenye visanduku vya mhudumu. Kasoro ikishafika kwa mteja huwezi tena kuikamata kabla, lakini unaweza kuiita jina jingine. Ombi la maboresho ndilo kisanduku kinachopendwa zaidi, kwa sababu kina heshima: mteja analalamika kwamba risiti haionyeshi makato, na timu inasema hilo halikuwamo kwenye mahitaji, hivyo si kasoro bali ni wazo zuri la baadaye. Vipo vingine. Imeshindikana kuirudia. Inafanana na tiketi ya zamani. Ni tatizo la mtandao. Ni tatizo la kampuni tunayounganishwa nayo. Mara nyingi maelezo haya ni sahihi kabisa, na hilo ndilo linalofanya upindaji uwe mgumu kuuona. Wateja hukosea kweli, mitandao husumbua kweli, na mfumo wa benki nyingine huanguka kweli. Mtu akilipwa kwa namba kuwa ndogo, hana haja ya kudanganya waziwazi. Inatosha kila tiketi yenye utata aiegemeze upande mmoja.

Kisanduku kinachonitia hofu zaidi ni cha kosa la mtumiaji, na sababu yangu inatoka Uingereza. Kuanzia 1999, Shirika la Posta la huko liliweka kwenye matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliojengwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao wasimamizi wa matawi hawakuweza kuueleza. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kwamba makosa ni yao. Walilazimishwa kulipa kutoka mifukoni mwao, wengine walifilisika, wengine walifungwa, na zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani katika kesi zilizotegemea takwimu za mfumo huo. Mwezi Desemba 2019, Jaji Peter Fraser wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu kwenye hesabu za matawi, na zilizouleta kweli. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria maalumu ya kufuta hukumu hizo. Sisemi kwamba mkasa ule ulizaliwa na mbio za kupunguza kiwango fulani. Sababu zake zilikuwa nyingi na nzito kuliko hiyo. Nasema kwamba mzigo mkubwa namna ile unaweza kukaa miaka ndani ya kisanduku kilichoandikwa kosa la mtumiaji, na kila ripoti ya ubora inayokiacha nje kisanduku hicho ikaendelea kupendeza.

Kuna jambo la tatu kuhusu kiwango hiki ambalo si upindaji lakini huwapotosha hata waaminifu. Kasoro zilizoponyoka hazijitokezi zote siku ya kwanza. Nyingine husubiri mwisho wa mwezi mishahara inapolipwa, nyingine husubiri mwaka mpya, nyingine husubiri mteja mwenye jina refu kuliko nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo toleo la wiki iliyopita karibu kila mara litaonekana bora kuliko la nusu mwaka uliopita, kwa sababu tu halijapata muda wa kuaibika. Kampuni nyingi huweka dirisha, tuseme siku 30, na kasoro inayoonekana siku ya 31 haihesabiwi kwa toleo lolote. Ukiona mchoro ambao unashuka vizuri kuelekea mwezi wa karibuni, uliza kwanza kama miezi ya nyuma nayo ilikuwa chini hivyo ilipokuwa bado mipya.

Muda wa kugundua unaonekana kuwa mgumu zaidi kuupinda, kwani saa ni saa. Ila saa ina mwanzo na mwisho, na vyote viwili huchaguliwa na binadamu. Sijui mfano unaoonyesha hilo vizuri kuliko wa kampuni ya udalali wa hisa ya Marekani, Knight Capital, asubuhi ya Agosti 1, 2012. Habari zake zimeelezwa kwa kina katika uamuzi wa tume inayosimamia masoko ya hisa nchini humo, uliotolewa Oktoba 2013.

Siku hiyo Soko la Hisa la New York lilikuwa linaanzisha utaratibu mpya wa biashara, na Knight walikuwa wameandaa programu ya kushiriki. Kuanzia Julai 27 fundi alianza kuipakia programu hiyo kwenye seva nane, kidogokidogo kwa siku kadhaa. Aliruka seva moja. Hakukuwa na fundi wa pili aliyepewa kazi ya kuhakiki, wala utaratibu ulioandikwa wa kumtaka ahakiki. Kwenye seva hiyo moja ilikuwa imebaki programu ya zamani iitwayo Power Peg, ambayo Knight waliacha kuitumia tangu 2003 lakini hawakuifuta. Mwaka 2005 walikuwa wamehamisha sehemu iliyokuwa ikiiambia Power Peg kwamba oda imeshatimia, basi isimame. Hawakuijaribu tena baada ya hapo. Na alama iliyokuwa ikiiwasha Power Peg zamani ndiyo waliyoipa programu mpya kuwa alama yake. Oda zenye alama hiyo zilipofika kwenye seva saba, zilifanya kazi mpya. Zilipofika kwenye ile ya nane, zilimwamsha mtu wa kale asiyejua kusimama.

Soko lilifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi. Katika dakika 45 hivi, oda 212 za wateja zilizaa miamala zaidi ya milioni 4 katika hisa za kampuni 154, jumla ya hisa zaidi ya milioni 397. Wakati wa kuhangaika, mafundi waliiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sahihi, na hivyo nazo zikaanza kufanya kosa lilelile. Kwa mujibu wa tume, hasara ilizidi dola milioni 460. Mwaka uliofuata Knight iliunganishwa na kampuni nyingine, na tume ikaitoza faini ya dola milioni 12.

Sasa jaza fomu: muda wa kugundua ulikuwa dakika ngapi?

Kabla hujajibu, kuna jambo moja zaidi. Kuanzia saa mbili na dakika moja asubuhi, karibu saa moja na nusu kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wa ndani wa Knight ulianza kutuma barua pepe kwa kundi la wafanyakazi. Zilifika 97. Zilitaja kosa lililoelezwa kama `Power Peg disabled`. Tume ilieleza kwamba barua hizo hazikuwa zimetengenezwa ziwe tahadhari, na kwa kawaida wafanyakazi hawakuwa wakizisoma zinapoingia.

Ukisema kugundua ni pale mashine inapotuma ujumbe wa kwanza, na hitilafu ni pale hasara ilipoanza, basi Knight waligundua tatizo dakika 89 kabla halijaanza. Hakuna kampuni duniani itakayowashinda. Ukisema kugundua ni pale binadamu alipoelewa kwamba kuna jambo baya, saa inaanza kuhesabu kutoka saa tatu na nusu. Ukisema hitilafu ilianza pale seva ya nane iliporukwa, muda ni siku kadhaa. Ukisema ilianza pale Power Peg ilipopoteza breki yake mwaka 2005, muda ni miaka 7. Majibu yote haya yanaweza kuandikwa kwenye ripoti na mtu asiye mwongo. Knight hawakushutumiwa kuchezea namba hii, nami siwashutumu. Nimewataja kwa sababu tukio lao limeandikwa dakika kwa dakika, na bado jibu linategemea unaanzisha saa wapi.

Katika ofisi ambako muda wa kugundua umefungwa kwenye bonasi, saa hiyo huanzishwa mahali pale pale kila mara: pale kengele ya mfumo ilipolia. Anayejaza ripoti ya tukio huandika muda wa kuanza kwa kuangalia muda wa tahadhari ya kwanza, kwa sababu ndiyo namba iliyo mbele yake, na kurudi nyuma kwenye kumbukumbu za mfumo ili kutafuta muamala wa kwanza ulioharibika ni kazi ya nusu siku ambayo itamharibia alama. Kwa njia hiyo muda wa kugundua unakuwa umbali kati ya kengele kulia na mtu kuiitikia. Hicho nacho ni kitu cha kupima, lakini si kile kilichoandikwa kwenye kichwa cha ripoti. Dalili yake ni nyepesi kuiona: chukua matukio ya miezi mitatu na utazame kama muda wa kuanza na muda wa tahadhari vinafanana hadi dakika. Hitilafu za kweli hazina adabu hiyo. Nyingi huanza kimya, muamala mmoja kwa elfu, na kengele hulia baadaye.

Njia nyingine ni kuuzamisha wastani. Tuchukue mwezi wenye matukio matano yaliyogunduliwa baada ya dakika 5, 8, 10, 12 na 725. Lile la mwisho ni la saa 12 na ushee, ambapo wateja walikuwa wakikatwa mara mbili usiku kucha. Jumla ni dakika 760, na wastani ni 152. Mkuu wa kitengo anachukia. Mwezi unaofuata timu inaweka kengele kwa kila kitu kidogo: diski ikijaa asilimia 70, seva ikichelewa sekunde moja, kazi ya usiku ikirudiwa mara mbili. Kengele hizo zinazalisha matukio 40 madogo, yote yanajulikana ndani ya dakika moja na mengi yanapona yenyewe. Hata kama yale matano makubwa yakijirudia vilevile, pamoja na lile la dakika 725, jumla itakuwa 800 kwa matukio 45, na wastani utashuka hadi chini kidogo ya dakika 18. Wateja wamekatwa mara mbili usiku kucha tena, na namba imeboreka mara nane.

Ubaya wake hauishii kwenye karatasi. Watu wanaopokea kengele 40 zisizo na maana huacha kuzifungua, kama zilivyoachwa zile barua pepe 97. Yaani jitihada za kupunguza muda wa kugundua kwenye ripoti hurefusha muda wa kugundua wenyewe, siku ambayo kengele moja kati ya hizo inasema kweli.

Hata pasipo mtu kupinda kitu, wastani huu ni dhaifu. Mwaka 2021 mhandisi wa Google, Štěpán Davidovič, alichapisha uchambuzi uliotumia takwimu za matukio halisi na majaribio ya kubahatisha ya kompyuta. Alionyesha kwamba kwa sababu matukio ni machache na marefu yake hupishana mno, wastani unaweza kuonekana umeboreka au umeharibika sana bila chochote kuwa kimebadilika. Tukio moja refu likiangukia Machi badala ya Aprili, Machi inalaumiwa na Aprili inasifiwa.

Nilisema mwanzo kwamba namba hizi humwadhibu anayetafuta. Kwa muda wa kugundua, mfano wake ni kasoro iliyopewa jina la Heartbleed. Iliingia kwenye OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, na ikatolewa kwa umma Machi 2012. Ilimwezesha mtu kusoma vipande vya kumbukumbu ya seva, ikiwemo siri zilizokuwamo. Ilitangazwa Aprili 2014, baada ya kugunduliwa na Neel Mehta wa Google na, bila kuwasiliana naye, na wahandisi wa kampuni ya Codenomicon. Muda wa kugundua ni miaka miwili na zaidi. Laiti watu hao wangekuwa wanapimwa kwa wastani wa muda wa kugundua, ugunduzi wao ungewaharibia mwaka mzima. Kasoro isiyogunduliwa haina muda wa kugundua. Haimo kwenye wastani, haimharibii mtu alama. Anayeamua kuchimba miamala ya zamani na kukuta kosa lililokaa miezi mitatu ameifanyia kampuni kazi kubwa, na namba itamlipa kwa kumshusha daraja. Hapo ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko udanganyifu wenyewe: watu hodari hujifunza kutochimba.

Ndivyo ilivyo pia kwa kasoro zilizoponyoka. Namba zote mbili zimejengwa juu ya kile kilichokwisha kuonekana, na kila kampuni ina njia mbili za kuzishusha: kupunguza kasoro, au kupunguza kuona. Ya pili ni rahisi zaidi.

Kinachosaidia ni kupata namba ambayo timu inayopimwa haiishiki mkononi. Kwa mfumo wa pesa, namba hiyo ipo tayari idara ya uhasibu. Muamala uliokatwa mara mbili lazima urudishwe, na urudishaji huandikwa kwenye vitabu vya hesabu bila kujali mhudumu alibofya kisanduku gani. Hesabu miamala iliyorudishwa katika kila miamala 10,000, mwezi kwa mwezi, kisha uiweke kando ya kiwango cha kasoro zilizoponyoka. Kiwango kikishuka na marejesho yakishuka, mfumo umepona. Kiwango kikishuka na marejesho yakabaki palepale, kasoro zimehamishiwa kisanduku kingine. Namba hii nayo ina mipaka yake: wapo wateja wanaotuma pesa kwa namba isiyo sahihi na kurudishiwa, na hao si kasoro ya mfumo. Kwa hiyo usiuangalie ukubwa wake peke yake, angalia mwendo wake.

Pamoja na hiyo, kila mwezi mtu asiye wa timu hiyo achukue tiketi 30 kwa kubahatisha kutoka kwenye visanduku visivyohesabiwa, hasa kosa la mtumiaji na ombi la maboresho, na azisome mwanzo hadi mwisho. Si kazi ya kitaalamu sana. Mtu wa kawaida mwenye akili timamu akisoma tiketi inayosema mteja alibofya mara moja akakatwa mara mbili, atajua kwamba hilo si wazo la maboresho. Akikuta 6 kati ya 30 zilipaswa kuwa kasoro, kampuni imejua ukubwa wa kile inachojificha.

Kwa muda wa kugundua, dawa ni zoezi. Mtu mmoja mwenye idhini anaingiza hitilafu inayojulikana, ndogo na yenye kinga, kwa mfano kuchelewesha miamala ya akaunti za majaribio. Anaandika saa aliyoiingiza na kuifungia kwenye bahasha. Timu haijui siku wala mahali. Mwanzo wa saa hapo hauna mjadala. Zoezi likirudiwa kila baada ya wiki chache, kampuni inapata muda wake halisi wa kugundua, na mara nyingine inapata jibu ambalo wastani hauwezi kulitoa kamwe, yaani kwamba hitilafu ilikaa siku mbili na hakuna aliyeiona. Swali jingine la kuuliza kila baada ya tukio ni nani aliyejua kwanza, mfumo wetu au mteja. Kampuni ambayo wateja wake ndio huijulisha haina ufuatiliaji, hata kama ripoti yake inasema dakika 3.

Lakini hatua zote hizi zitapindwa nazo zikifungwa kwenye mshahara. Robert Austin, katika kitabu chake cha 1996 kuhusu upimaji wa utendaji katika mashirika, alitenganisha vipimo vya kujifunza na vipimo vya kuwasukuma watu, akaonyesha kwamba kipimo kisichoweza kuiona kazi yote kikitumiwa kusukuma, watu huacha ile sehemu isiyoonekana. Kazi ya programu haionekani yote. Hakuna kipimo kinachomwona fundi aliyezuia kasoro kabla haijazaliwa, wala yule aliyekaa usiku akichimba kosa ambalo hakuna aliyelilalamikia.

Kwa hiyo, wewe uliye kwenye bodi, au kwenye idara ya serikali inayonunua mifumo, au kwenye chama cha ushirika kinacholipia programu ya hesabu: ziondoe namba hizi mbili kwenye bonasi na kwenye mikataba ya adhabu. Endelea kuzisoma. Na kila zinapoletwa mezani zikiwa zimeshuka, omba pamoja nazo orodha ya malalamiko yaliyowekwa nje ya hesabu.